Mtumbwi Uliokuwa Mchangani: Kisa cha Kipimo cha Seliaki Mikindani

Mwalimu aliingia chumbani kwangu mwezi wa Machi na bahasha ya kaki mkononi. Akaamkia, akaketi, akaiweka bahasha mezani bila kuifungua.

"Daktari, karatasi inasema sina ugonjwa. Lakini nikila chapati naumwa. Sasa nisikilize karatasi au tumbo?"

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, ila mwendo wa vipimo nimeuacha ulivyokuwa, kwa sababu humo ndimo lilimo somo. Nitamwita Mwalimu kama mtaa mzima unavyomwita.

Ni mwanamke wa miaka 31, anafundisha shule ya msingi, anaishi Mikindani na mama yake na binti yake wa miaka 6. Kwa miaka miwili tumbo lilikuwa likimsumbua: gesi, choo laini mara tatu au nne kwa siku, vidonda vya mdomoni vinavyopona na kurudi, na uchovu wa kumfanya aketi katikati ya kipindi. Wingi wa damu ulikuwa 7.8, na chembe zake nyekundu zilikuwa ndogo na zilizopauka, dalili ya upungufu wa madini ya chuma.

Wahudumu waliomwona mwanzoni hawakukosea. Mwanamke wa Mtwara mwenye tumbo na damu pungufu hutafutiwa kwanza safura, amiba, giadia, kichocho na virusi vya UKIMWI, na huulizwa kuhusu hedhi yake. Ndivyo walivyofanya. Alimeza albendazo mara mbili, metronidazo sijui mara ngapi, kisha vidonge vya madini ya chuma kila siku kwa miezi minne. Baada ya miezi hiyo minne damu ilifika 8.3.

Hapo ndipo palipostahili kumshtua mtu. Mgonjwa anayemeza chuma kweli, na ambaye havuji damu popote, hupanda zaidi ya hapo katika mwezi wa kwanza tu. Mwalimu si mtu wa kuficha vidonge chini ya godoro. Kwa hiyo chuma kilikuwa kinaingia mdomoni lakini hakifiki kwenye damu. Na chuma hufyonzwa zaidi kwenye kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba, palepale ambapo seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, hufanya uharibifu wake mkubwa.

Hakuna aliyelitaja neno seliaki, na silaumu. Ugonjwa huu hauonekani mara kwa mara huku kwetu. Chakula chetu cha msingi ni muhogo, mahindi, wali na mtama, na vyote hivyo havina gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayouchochea. Aliyelitaja ni shangazi yake aliyeolewa Muscat. Yeye aligunduliwa huko miaka kadhaa iliyopita, na siku moja aliposikia kwenye simu habari za damu isiyopanda, akasema: "Mwanangu, acha ngano."

Mwalimu akaacha, mwezi wa Agosti. Hakuonja chapati, maandazi, mkate wala tambi. Baada ya wiki tatu tumbo likatulia. Ilipofika Desemba vidonda vya mdomoni vilikuwa vimekwisha. Februari akaona sasa ni vizuri apate uhakika, akaenda mahali kupima damu, sampuli ikapelekwa Dar es Salaam, majibu yakarudi baada ya wiki mbili. Nilipofungua bahasha niliona mstari mmoja: tTG-IgA 4, kiwango cha kawaida chini ya 10. Hasi.

Nikamuuliza swali moja ambalo hakuulizwa alipotolewa damu. "Siku ile unapimwa, ulikuwa na muda gani hujala ngano?"

Akahesabu kwa vidole. Miezi sita.

Kipimo kinatazama nini

Kwa mtu mwenye seliaki, vipande vya gluteni visivyomeng'enywa hupenya ukuta wa utumbo. Humo kuna kimeng'enya kiitwacho transiglutaminasi ambacho hubadilisha vipande hivyo kidogo, na mabadiliko hayo huwafanya walinzi wa mwili waone kama wamevamiwa. Wanashambulia. Vile vidole vidogo sana vilivyopanga ukuta wa utumbo, vinavyofyonza chakula, huliwa mpaka ukuta unabaki bapa. Katika vurugu hiyo mwili hutengeneza pia kingamwili dhidi ya kimeng'enya chake wenyewe. Kingamwili hizo ndizo tTG-IgA, na ndizo zinazohesabiwa maabara.

Maana yake ni kwamba kipimo hiki hakiuulizi mwili, "Je, una ugonjwa?" Kinauliza, "Je, sasa hivi mnapigana?" Ukiondoa gluteni, vita vinapoa, na kingamwili zinaanza kupungua baada ya wiki chache. Aliyeanza na kiwango cha chini anaweza kusoma kawaida katika miezi michache. Aliyeanza juu sana huchukua mwaka na zaidi. Utumbo nao huanza kujijenga upya, kwa hiyo hata kinyama cha utumbo kinachokatwa kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, kinaweza kuonekana kizuri kuliko ukweli wa ugonjwa.

Nilimweleza hivi: baba yako akinunua mtumbwi, ataupima kama unavuja ukiwa majini. Akiupandisha mchangani ukakauka wiki nzima, kisha akaangalia ndani na kuona hamna maji, amejua nini? Hajajua lolote kuhusu ubao. Amejua tu kwamba mtumbwi uko mchangani.

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Aliona linakoelekea.

Nina hasira kidogo na fomu za maabara kwa jambo hili. Karatasi ile ilikuwa na nafasi ya jina, umri, jinsia na namba ya simu. Haikuwa na mstari wa "Unakula ngano? Tangu lini umeacha?" Mstari mmoja tu ungemwokoa Mwalimu fedha ya kipimo na wiki mbili za kusubiri. Vilevile hakikupimwa kiwango chote cha IgA, yaani jamii ya kingamwili ambayo tTG-IgA ni mojawapo. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na miongoni mwa wenye seliaki hali hiyo ni ya kawaida zaidi, kama watu 2 au 3 katika kila 100. Kwa watu hao tTG-IgA itasoma chini hata kama utumbo unaungua, na wanahitaji kipimo cha aina nyingine kinachotazama IgG, jamii nyingine ya kingamwili. Kwa hiyo hasi ya Mwalimu ilikuwa na matundu mawili.

Kwa nini asiendelee tu kuacha

Mama yake, aliyekuja naye safari ya pili, aliuliza swali la haki kabisa. "Mwanangu kaacha ngano, kapona. Unataka nini tena?"

Nilimjibu kwa kirefu, na nitajitahidi kueleza hapa kama nilivyomweleza.

Kupata nafuu kwa kuacha ngano si ushahidi wa seliaki. Ngano ina wanga fulani unaochacha tumboni na kuwajaza gesi watu wengi wenye utumbo mwepesi kukasirika. Hao nao wakiacha chapati hupata nafuu, lakini utumbo wao hauharibiki, na wakila kipande cha keki harusini wataumwa jioni ile tu na yameisha. Mwenye seliaki hana ruhusa hiyo. Kwake ni marufuku ya maisha, hadi kwenye makombo, hata siku ambayo tumbo halimuumi, kwa sababu uharibifu unaweza kuendelea kimyakimya: damu inapungua, mifupa inadhoofika, na kwa wachache sana hatari ya saratani ya utumbo inaongezeka. Mtu asiye na uhakika hulegea. Nimewaona wanaoacha vitu kwa kuhisi tu. Mwaka wa kwanza wako makini, wa pili wanaonja, wa tatu wamerudi.

Lipo na jambo la damu moja. Ndugu wa karibu wa mwenye seliaki, yaani mzazi, mtoto, kaka na dada, wana nafasi ya karibu mmoja katika kumi ya kuwa nao. Bila jibu kwa Mwalimu, tusingekuwa na sababu ya kumtazama binti yake.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupima vinasaba vya HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Uzuri wake ni kwamba havibadiliki kwa chakula, hivyo unaweza kupimwa hata kama hujagusa ngano miaka mitano. Asiyekuwa navyo, seliaki karibu haiwezekani, na mjadala unafungwa. Lakini mwenye navyo hajathibitishwa chochote, maana watu wengi wazima wanavyo na hawaumwi kamwe. Kwa Mwalimu sampuli ingesafiri mbali na gharama ilikuwa kubwa, na akiwa na shangazi mgonjwa upande wa baba, niliona uwezekano mkubwa ni kwamba angekuwa navyo na tungerudi palepale.

Njia ya pili ni kurudisha mtumbwi majini. Kula ngano tena, kwa kipimo na kwa muda, kisha kupima.

Sikumlazimisha. Wapo wanaoumia mno wakirudia, na hao daktari anaweza kukubaliana nao waishi kama wenye seliaki bila uthibitisho. Mjamzito simwambii afanye hivyo, asubiri. Mwalimu alipima mimba kwanza, haikuwepo. Akafikiri wiki mbili, kisha akanitumia ujumbe: "Tuanze likizo ya Juni. Sitaki kuumwa mbele ya wanafunzi."

Wiki sita za chapati

Kiasi kinachohitajika si kikubwa kama watu wanavyodhani. Gramu 3 za gluteni kwa siku kwa wiki mbili ni kiwango cha chini ambacho kwa wengi huanza kuonekana kwenye kinyama cha utumbo. Lakini kingamwili kwenye damu huchelewa kupanda. Zinaweza kuendelea kupanda hata wiki kadhaa baadaye, hivyo damu inayotolewa wiki ya pili inaweza kudanganya kama ile ya Februari. Kwa kipimo cha damu nataka wiki sita, na ikiwezekana nane, ngano ikiliwa kila siku na katika mlo zaidi ya mmoja.

Tulikaa na Mwalimu tukakokotoa pamoja. Chapati moja ya nyumbani kwao hutumia unga wa ngano kama gramu 60. Protini katika unga huo ni karibu gramu 11 kwa kila 100, kwa hiyo chapati ina protini ya gramu 6.6. Sehemu kubwa ya protini ya ngano, kama nne kwa tano, ni gluteni. Inakuja gramu 5 na ushei. Andazi dogo la unga wa gramu 30 lina nusu yake. Kwa hiyo andazi moja asubuhi na nusu chapati jioni zilitosha, na hakuna haja ya kujitesa kwa sinia zima. Alianza na nusu andazi kwa siku tatu, kisha akapanda.

Siku ya nne gesi zikarudi. Siku ya tisa akanipigia akiwa na vidonda viwili mdomoni. Mama yake akachukua simu: "Daktari, unamlisha sumu mtoto wangu." Nilimwambia Bi Mkubwa kwamba ana haki ya kusema hivyo, na kwamba tukisimama leo tutakuwa tumemtesa bure, maana damu bado haijasema kitu. Tukakubaliana kupunguza hadi gramu 3 hivi kwa siku, yaani andazi moja na kipande kidogo cha mkate, lakini bila kuruka hata siku moja. Nadhani ahadi hiyo ya "hata siku moja" ndiyo iliyookoa kazi yote. Mtu akiumwa huruka siku mbili, kisha tatu, na akifika kwenye sindano anasema amekula wiki sita. Nilimpa daftari la kuandika kila alichokula, na kwa kuwa ni mwalimu, aliliandika kwa mistari iliyonyooka kuliko faili zangu.

Mwisho wa wiki ya sita tukatoa damu. Safari hii fomu niliijazia kwa mkono pembeni: anakula ngano kila siku, wiki sita, kiasi fulani. Majibu: tTG-IgA 86, mpaka wa kawaida ukiwa 10, maabara ileile, mashine ileile. IgA yote ilikuwa ya kawaida, maana yake namba hiyo inaaminika. Nasisitiza maabara ileile kwa sababu kila kampuni ya vitendanishi ina vipimo vyake; 86 ya hapa si 86 ya pengine, na cha kulinganisha ni umbali kutoka kwenye mpaka wa maabara hiyo.

Nilipomwambia, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Kwa hiyo leo naacha?"

Hapana. Na hapa ndipo wengi huteleza mara ya pili. Kwa mtu mzima mwenye namba kama yake bado tulitaka kinyama cha utumbo, na endoskopi yake ilipangwa Dar es Salaam wiki mbili mbele. Akiacha siku ile, ukuta ungeanza kupona kabla haujatazamwa. Akaendelea na andazi lake mpaka usiku wa kuamkia kipimo, alipotakiwa kufunga kula kwa ajili ya endoskopi yenyewe.

Alipanda basi la alfajiri Mtwara, kilomita zaidi ya 500 na tumbo linalosokota. Kwenye barua nilimwomba mtaalamu akate vipande visivyopungua vinne kutoka sehemu ya pili ya duodenamu, kile kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba, na kimoja au viwili karibu na mlango wake wa juu. Uharibifu wa seliaki huja kwa mabaka, na anayekata kimoja anaweza kuokota mahali pasipoharibika. Majibu yalisema vidole vya ukuta vimefupika sana, mashimo yaliyo kati yake yamerefuka, na chembe nyeupe zimejaa kwenye utando kuliko kawaida. Giadia hakuwapo. Hilo la mwisho nililiuliza mahsusi, kwa kuwa utumbo bapa peke yake si mali ya seliaki; giadia na maradhi mengine ya nchi za joto huweza kuuleta. Ni kingamwili na kinyama vikikubaliana, kwa mtu ambaye bado anakula ngano, ndipo nikaandika jina la ugonjwa bila alama ya kuuliza.

Nikimsimulia hayo, nilimtajia daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia mwisho, mkate ukakosekana, na wagonjwa wake watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Aliandika kuhusu ngano na ugonjwa huu katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Mwalimu akasema, "Kumbe na wao walipandishwa mchangani."

Jiko la Mikindani

Ukiishi Ulaya na ugonjwa huu unapigana na mkate kila kona. Mikindani una bahati. Ugali wa muhogo, wali wa nazi, samaki, mbaazi, kunde, viazi vitamu, ming'oko ya stendi na chumvi yake ya pilipili, korosho, mayai, matunda: vyote vya kwako. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele. Mwalimu alidhani atalala njaa, akakuta vyakula alivyopoteza vinahesabika.

Vilivyompoteza ni vile visivyo na sura ya ngano. Bokoboko ya Idi, ambayo ni ngano tupu iliyopondwa na nyama. Uji wa shayiri wa Ramadhani, ambao watu humpa mgonjwa wakimwonea huruma. Kaimati na visheti. Katlesi zinazoviringishwa kwenye chenga za mkate. Unga wa lishe wa kununua, wenye nafaka saba na moja ni ngano. Mihogo ya kukaanga ya barabarani, ambayo yenyewe ni salama, lakini mafuta yake asubuhi yalikaanga maandazi.

Kiasi gani kina madhara? Gluteni ya miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu imeonekana kuharibu utumbo wa wenye seliaki. Chapati yetu ilikuwa na gramu 5, yaani miligramu 5,000. Kwa hiyo sehemu moja katika mia ya chapati, chenga unazozipangusa mezani kwa kiganja, zikiingia kila siku zinatosha. Nilipomwambia hesabu hiyo, alitenga sufuria, mwiko, chungio na kibao cha kukandia. Chungio nalisisitiza, halisafishiki.

Miezi sita baada ya kuacha, damu yake ilikuwa 11.6 na vidonge vya chuma vilikuwa vinafanya kazi kwa mara ya kwanza. tTG-IgA ilishuka kutoka 86 hadi 31. Vizuri. Miezi kumi baada ya kuacha tukapima tena nikitarajia chini ya 20. Ilisoma 34.

Namba inayoshuka polepole hainisumbui. Namba iliyosimama inanisumbua, kwa sababu inasema gluteni inaingia mahali fulani. Mwalimu aliumia, alidhani namtuhumu. Nilimwomba alete daftari lake la zamani, na safari hii aandike si chakula tu bali na kilikotoka. Siku ya tatu ya daftari jibu lilikuwa pale: makopa ya muhogo alikuwa akiyapeleka kusagwa kwenye mashine ya mtaani. Akaenda akaketi pale asubuhi nzima. Kabla ya makopa yake mama mmoja alisaga mchanganyiko wa uji wa mtoto, wenye ngano. Unga unaobaki ndani ya mashine huondoka na mteja anayefuata, na kusaga kilo ya kwanza na kuimwaga hakusafishi vyote. Tumbo lake halikuwa likilalamika hata kidogo, ndiyo maana hakushuku.

Sasa makopa yanatwangwa kwenye kinu cha nyumbani na kuchekechwa kwa chekecheo jipya. Ni kazi, na Bi Mkubwa ndiye anayeibeba zaidi, kwa sababu hakubali mwingine ashike mchi wake. Miezi minne baadaye tTG-IgA ilikuwa 12. Kwa sasa nampima mara moja kwa mwaka, pamoja na wingi wa damu, akiba ya chuma na foliki asidi.

Binti

Ile wiki Mwalimu aliporudi kutoka Dar es Salaam na jibu, Bi Mkubwa aliamua nyumba nzima iachane na ngano siku hiyohiyo. Alikuwa ameshagawa unga kwa majirani. Nilimpigia simu nikamwomba asimame. Mjukuu hajapimwa, na mjomba wake hajapimwa. Wakiacha leo, mwezi ujao nitakuwa tena na bahasha ya kaki na hasi isiyo na maana.

"Kwa hiyo nimpe mtoto kile kinachomuua mama yake?"

"Mpe anachokula siku zote, Bi Mkubwa. Usiongeze, usipunguze, mpaka tumpime."

Kaka wa Mwalimu alikuwa hasi, akila mkate kila asubuhi, na hasi hiyo naiamini. Mtoto alisoma 14, mpaka ukiwa 10, na IgA yake yote ikiwa ya kawaida. Hana dalili, anakua kwa mstari wake kwenye kadi. Kwa watoto, namba ikizidi mpaka mara kumi na kipimo cha pili cha kingamwili kikithibitisha, daktari bingwa anaweza kuamua bila kukata kinyama. Namba ya 14 iko mbali na huko. Inaweza kupanda, na kwa watoto wengine hushuka yenyewe. Tunarudia kila baada ya miezi minne, akiendelea kula ngano.

Kwa hiyo nyumba ile ina vikaango viwili. Kimoja kina alama ya rangi nyekundu mpinini, cha maandazi ya mtoto, na kinaoshewa nje. Mara ya mwisho nilipopita kuwajulia hali, mtoto aliketi kibarazani na andazi lake, mama yake akila kitumbua pembeni, na bibi katikati yao akiangalia mikono yote miwili isigusane. Damu itatolewa tena Oktoba.